Kioo cha oskiloskopu kinasoma muda: kutoka uma wa sauti hadi kina cha Mkondo wa Pemba

Katika karatasi ya mazoezi ya fizikia kuhusu sauti, swali linalowakwamisha wanafunzi wengi huja na mchoro. Ni kioo kilichogawanywa kwa miraba, mstari unaopanda na kushuka ndani yake, na chini yake maelezo mafupi: 1 ms kwa mraba, 20 mV kwa mraba. Mwanafunzi anatakiwa ataje masafa na kimo cha wimbi. Mbele kidogo, mara nyingi katika karatasi hiyohiyo, linakuja swali la boti inayopima kina cha bahari kwa altrasaundi. Maswali haya mawili husomeshwa kama mada mbili, ilhali ufunguo wake ni mmoja: mlalo wa kioo kile ni muda. Karibu kila kosa linalofanyika katika karatasi hizi, skuli na hata baharini, linatokana na kulisahau jambo hilo.

Tuanze na kinachotokea hewani. Uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinachogongwa kwenye kipande cha mpira, ukitikisika unaibana hewa iliyo karibu yake kisha unaiachia. Mbano huo unaisukuma hewa ya mbele, nayo inaisukuma ya mbele yake, na hivyo ndivyo sauti inavyosafiri. Hewa yenyewe haisafiri kutoka kwenye uma hadi sikioni. Kila sehemu ya hewa inakwenda mbele na kurudi nyuma palepale ilipo, katika mstari uleule ambao sauti inaelekea. Hakuna kinachopanda na kushuka kama mawimbi ya Bahari ya Hindi.

Basi ule mstari unaopanda na kushuka kwenye kioo umetoka wapi? Umetoka kwenye maikrofoni. Hewa inapobanwa, ngozi ya maikrofoni inasukumwa ndani. Inapolegea, inarudi nje. Maikrofoni inageuza mwendo huo kuwa volti, na oskiloskopu inazichora volti hizo huku nukta yake ikikimbia kutoka kushoto kwenda kulia kwa kasi isiyobadilika. Kwa hiyo mchoro ni grafu: wima ni volti, mlalo ni muda. Hata kudai kwamba kilele cha mchoro ndipo hewa ilipobanwa si salama, kwa sababu ukibadilishana nyaya mbili za maikrofoni, mchoro mzima unapinduka juu chini na sauti inabaki ileile.

Sasa tuufanye mfano mmoja hadi mwisho. Tuna uma uliochongwa namba 512, yaani unatikisika mara 512 kwa sekunde. Maikrofoni ya kawaida hutoa milivolti chache tu, hivyo katikati panawekwa kikuza sauti kidogo kabla waya haujaingia kwenye oskiloskopu. Nobu ya muda, iliyoandikwa TIME/DIV, iko kwenye 1 ms. Nobu ya volti, VOLTS/DIV, iko kwenye 20 mV. Kioo kina miraba kumi kwa upana na minane kwa kimo.

Kabla ya kuugonga uma, swichi ya kuingizia mawimbi inapelekwa kwenye GND. Hapo kioo kinaonesha mstari ulionyooka, nao unasogezwa hadi ulale sawasawa juu ya mstari wa katikati. Hiyo ndiyo sifuri. Kisha swichi inarudishwa kwenye AC. Wanaoiruka hatua hii hawajui tena katikati ya wimbi iko wapi, na kimo watakachokisoma kitakuwa cha kukisia.

Uma unagongwa na kusogezwa karibu na maikrofoni. Kioo kinaonesha mawimbi matano kamili na kipande kidogo cha sita. Wanafunzi wengi hupima wimbi moja, na wengi hupima kutoka kilele hadi kilele. Njia hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, kilele ni bapa, na jicho haliwezi kuamua ncha yake iko wapi hasa. Mahali pazuri pa kupimia ni pale mstari unapokata sifuri ukipanda, kwa sababu hapo umesimama wima na makutano yanaonekana wazi. Ya pili, jicho linaweza kukosea kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mraba. Wimbi moja hapa lina upana wa karibu miraba miwili, kwa hiyo mmoja atasoma 2.0 na kupata masafa ya 500 Hz, na jirani yake atasoma 1.9 na kupata 526 Hz, wakiwa wanaangalia kioo kimoja. Ukipima mawimbi matano kwa pamoja, kosa lilelile la jicho linagawanywa kwa tano.

Kwa njia hiyo tunasoma miraba 9.8 kwa mawimbi matano:

```
muda wa mawimbi 5 = 9.8 × 1 ms = 9.8 ms
T = 9.8 ms ÷ 5 = 1.96 ms = 0.00196 s
f = 1 ÷ T = 1 ÷ 0.00196 = 510 Hz
```

Uma umechongwa 512, sisi tumepata 510. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko uwezo wa jicho, hivyo kipimo ni kizuri. Angalia mahali panapoharibika: anayehesabu vilele sita na kusema mawimbi ni sita atapata 612 Hz. Vilele sita vina nafasi tano baina yao. Na anayesahau kugeuza milisekunde kuwa sekunde ataandika 0.51 Hz, sauti ambayo hakuna sikio la mtu linaloweza kuisikia, kwa kuwa sisi tunaanzia karibu 20 Hz na kuishia karibu 20,000 Hz. Jibu la aina hiyo linajikana lenyewe, iwapo mwandishi atalitazama.

Kimo kinasomwa wima, kutoka sifuri hadi kilele. Kwenye kioo chetu ni miraba 2.5, na kila mraba ni 20 mV, basi kimo ni 50 mV. Anayepima kutoka kilele hadi bonde atapata 100 mV, mara mbili ya jibu. Uma ukisogezwa mbali na maikrofoni, kimo kinapungua, na mawimbi yanabaki matano ndani ya miraba 9.8 ileile. Hilo ndilo jambo ambalo swali linataka lionekane: ukubwa wa sauti unakaa kwenye kimo, na wembamba au uzito wa sauti unakaa kwenye masafa. Moja linaweza kubadilika bila kuligusa jingine.

Hapa watunga maswali huweka mtego ambao ni wa haki kabisa. Wanachora vioo viwili, cha kwanza kina kimo cha miraba 2.5, cha pili mraba mmoja, kisha wanauliza sauti ipi ni kubwa zaidi. Mwanafunzi anajibu ya kwanza bila kusoma maelezo. Kumbe kioo cha kwanza kiko kwenye 20 mV kwa mraba na cha pili kwenye 50 mV kwa mraba. Vyote viwili ni 50 mV. Sauti ni moja. Miraba peke yake haisemi kitu mpaka izidishwe kwa kilichoandikwa kwenye nobu.

Mkiwa na oskiloskopu halisi mezani badala ya mchoro, matatizo mengine matatu yatajitokeza. Mchoro unaweza kukimbia upande mmoja bila kutulia. Hiyo ni kwa sababu nukta inaanza safari yake mahali tofauti pa wimbi kila mara. Tiba yake ni nobu ya TRIGGER, ambayo inaiambia nukta isianze mpaka volti ifike kiwango fulani. Kiwango hicho kikiwekwa juu kuliko kilele cha wimbi, nukta haina cha kuisubiri, na mchoro unarudi kukimbia au unapotea. Tatizo la pili ni mchoro mzima kupanda na kushuka polepole kama unaobebwa. Huo ni umeme wa ukutani unaoingia kwenye nyaya za maikrofoni. Umeme wetu una masafa ya 50 Hz, wimbi lake moja huchukua 20 ms, na ukiiweka nobu ya muda kwenye 5 ms utaliona limekaa kwenye miraba minne kamili. Fupisha waya wa maikrofoni, utumie ule wenye kifuniko cha nyuzi za chuma, uusogeze mbali na nyaya za umeme.

La tatu ndilo baya zaidi, kwa kuwa halionekani. Katika oskiloskopu nyingi za zamani, juu ya nobu ya muda pana nobu nyingine ndogo yenye alama ya CAL. Ikitoka mahali pake, kioo kinaendelea kuonesha mchoro mzuri, tulivu, na kila muda unaosomwa ni wa uongo. Namna ya kujua ni rahisi. Sehemu ya mbele ya oskiloskopu nyingi ina kipande cha chuma kinachotoa wimbi la pembe nne lenye masafa ya 1 kHz. Liunganishe hilo kwanza. Nobu ikiwa kwenye 1 ms, wimbi moja lijaze mraba mmoja barabara. Lisipojaza, rudisha CAL kabla ya kupima chochote.

Sasa tuje kwenye urefu wa wimbi, ambapo kule kusahau muda kunafanya uharibifu mkubwa. Karatasi inauliza urefu wa wimbi la uma wetu, na mwanafunzi anachukua rula, anapima wimbi moja kwenye mchoro, anaandika sentimita 2. Lakini mchoro hauna umbali ndani yake. Geuza nobu ya muda kutoka 1 ms hadi 0.5 ms, wimbi lileile litatanuka hadi miraba minne, na hewani hakuna kilichobadilika. Ili kupata umbali inabidi kuleta kitu ambacho kioo hakina, nacho ni mwendo wa sauti. Katika hewa ya nyuzi 30, joto la kawaida la mchana Unguja, mwendo huo unapatikana hivi:

```
v = 331 + 0.6 × 30 = 349 m/s
urefu wa wimbi = v ÷ f = 349 ÷ 512 = 0.68 m
```

Sentimita 68, si 2. Vitabu vingi huandika 340 m/s, na karatasi ikiitoa namba hiyo, itumie hiyo. Ila ukipima darasani mwenyewe na kupata namba inayokaribia 350, usidhani umekosea. Hewa yenye joto inapitisha sauti haraka zaidi. Kwenye oskiloskopu ya njia mbili unaweza hata kuuona umbali huu: weka maikrofoni mbili sambamba mbele ya spika inayotoa mlio mmoja wa 512 Hz, michoro miwili ipandane, kisha rudisha moja nyuma taratibu. Michoro itaachana, na itapandana tena pale maikrofoni itakapokuwa imerudi karibu sentimita 68. Umbali huo unausoma kwenye rula iliyo mezani. Kioo kinakwambia tu ni lini uache kusogeza.

Tukivuka 20,000 Hz tunaingia kwenye altrasaundi. Kimaumbile haina tofauti na sauti nyingine; ni mbano uleule, kwa masafa ambayo sikio la mtu halifikii. Kinachobadilika katika karatasi ni namna ya kuitumia. Haitolewi tena kama mlio mrefu. Inatolewa kama mpigo mfupi, kisha kifaa kinanyamaza na kusubiri mwangwi. Kwa hiyo kwenye kioo hatuhesabu mawimbi. Tunatazama kichuguu cha kwanza, ambacho ni mpigo ulipotoka, na cha pili, ambacho ni mwangwi uliporudi. Nafasi baina yao, kama kawaida, ni muda.

Tuchukue boti katika mkondo ulio kati ya Unguja na bara. Chini yake pamefungwa kifaa cha kutolea na kupokelea mipigo, cha masafa ya 200 kHz, kama vile vya kutafutia samaki. Nobu ya muda iko kwenye 10 ms kwa mraba, na mwangwi unatokea miraba 5.2 baada ya mpigo. Maji ya bahari yenye nyuzi 28 hivi na chumvi ya kawaida hupitisha sauti kwa karibu 1,540 m/s.

```
muda = 5.2 × 10 ms = 52 ms = 0.052 s
safari nzima = 1,540 × 0.052 = 80 m
kina = 80 ÷ 2 = 40 m
```

Hiyo ni karibu pima 22, kina cha kawaida katika mkondo huo. Kugawa kwa mbili kunatokana na kwamba muda tuliousoma ni wa kwenda na kurudi. Wanaosahau wanaandika mita 80, na kosa hili halijitangazi, maana mita 80 nayo inaweza kuwa kweli. Anayetumia mwendo wa hewani, 340, anapata mita 8.8. Anayeacha milisekunde bila kuzigeuza anapata mita 40,040, na hakuna bahari duniani yenye kina hicho. Karatasi ikitoa 1,500 m/s jibu litakuwa mita 39, nalo ni sahihi kwa karatasi hiyo. Kuna na jambo ambalo karatasi hulinyamazia: kina hiki kinaanzia kwenye kifaa, si kwenye uso wa maji. Kifaa kikiwa nusu mita chini ya maji, nusu mita hiyo inaongezwa.

Kwa nini mpigo uwe mfupi? Kwa sababu una urefu wake ndani ya maji. Mpigo wa 1 ms unatanda mita 1.54. Samaki aliye chini ya mita 0.77 juu ya mchanga atatoa mwangwi ambao mkia wake bado haujamalizika pale mwangwi wa mchanga unapoanza, na vichuguu viwili vitakuwa kimoja. Samaki hataonekana. Ukiufupisha mpigo hadi 0.1 ms, nafasi hiyo inashuka hadi karibu sentimita 8. Masafa makubwa yanasaidia hapa: ndani ya 0.1 ms, 200 kHz inaweka mawimbi 20, lakini 50 kHz inaweka matano tu. Masafa makubwa nayo yana bei yake, kwani maji yanayanyonya haraka na hayafiki mbali.

Hospitali hutumia hesabu hiyohiyo. Nyama laini za mwili hupitisha sauti kwa karibu 1,540 m/s pia, na kwa mama mjamzito hutumika masafa ya karibu 3.5 MHz. Tuseme mwangwi wa upande mmoja wa kichwa cha mtoto na mwangwi wa upande wa pili vimeachana kwa mikrosekunde 117. Kichwa kina upana wa 1,540 × 0.000117 ÷ 2, yaani mita 0.09, sentimita 9. Kosa la kuliangalia hapa ni kupima muda kuanzia mpigo ulipotoka. Muda huo una unene wa tumbo la mama ndani yake. Tunachotaka ni tofauti ya miangwi miwili. Ile jeli ya baridi inayopakwa tumboni inafukuza hewa baina ya kifaa na ngozi, kwa sababu tabaka jembamba la hewa linarudisha karibu altrasaundi yote kabla haijaingia mwilini.

Tumalizie na swali ambalo ni gumu kidogo kuliko ya karatasi za kawaida, lakini anayeelewa kwamba kioo kinasoma muda atalimudu. Boti inavuka kutoka Pemba kuelekea Tanga. Mkondo wa Pemba ni mwembamba na mrefu wa kina. Pana mahali chini panafika karibu mita 800. Kifaa cha 200 kHz hakifiki huko, kwa hiyo boti ina cha 50 kHz chenye nguvu ya kutosha, kinachotoa mpigo kila baada ya sekunde 0.5. Kioo kinaonesha mwangwi ulio wazi kwenye mita 50. Nahodha afunge injini?

Tuhesabu. Chini kabisa maji ni ya baridi, hivyo kwa safari nzima tutumie wastani wa 1,500 m/s. Mwangwi kutoka mita 800 unasafiri mita 1,600 na kuchukua sekunde 1.067. Wakati unarudi, kifaa kimeshatoa mipigo mingine miwili, kwenye sekunde 0.5 na kwenye sekunde 1. Kioo hakijui mwangwi huu ni wa mpigo upi. Kinapima kutoka mpigo wa mwisho, kinapata sekunde 0.067, na 1,500 × 0.067 ÷ 2 ni mita 50. Sakafu hiyo haipo.

Namna ya kuijua ni kubadilisha nafasi baina ya mipigo na kutazama tena. Sakafu ya kweli inabaki mahali pake. Ya uongo inaruka: kwa mpigo wa kila sekunde 0.6, mwangwi uleule unaonekana sekunde 0.467 baada ya mpigo uliotangulia, na kioo kinaandika mita 350. Kwa mpigo wa kila sekunde 1.5, mwangwi unarudi kabla ya mpigo unaofuata, na kioo kinaandika mita 800.